Barua ya kuomba maelezo inapomfikia mjamzito

Mjini Iga Barrière, kilomita zipatazo 25 kaskazini ya Bunia kwenye barabara ya Mongbwalu, mwanamke mjamzito husikia makatazo mapema. Kanuni za uchimbaji mdogo wa madini Kongo zinakataza wajawazito kufanya kazi machimboni, na lengo lake ni kulinda afya. Lakini watafiti waliochunguza machimbo ya mashariki ya nchi walikuta kwamba katazo hilo hutumiwa pia kuwafukuza wanawake wasio na mimba, kwa hoja kwamba mgodi si mahali pa mama. Kinga imegeuzwa kuwa mlango uliofungwa.

Ofisini hakuna shimo wala zebaki, lakini fikra inayotumika ni hiyo hiyo. Katika mradi wa afya, duka la dawa au shule ya binafsi, hakuna anayemwambia mfanyakazi kwamba anafukuzwa kwa sababu ya mimba. Husemwa tu kwamba siku hizi hana moyo wa kazi. Maneno hayo yanaanzia kwenye maongezi, kisha siku moja yanaandikwa katika barua inayojulikana vizuri na kila mfanyakazi wa Kongo: barua ya kuomba maelezo, ambayo mara nyingi hutaka jibu ndani ya saa 48. Nataka kukaa hapo kwenye barua hiyo, kwa sababu mengi ya yanayofuata huamuliwa na jibu lake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja ni karani wa takwimu katika mradi wa afya Iga Barrière, mshahara wake ni dola 360 kwa mwezi. Mkataba wake ni wa miezi sita, na umeshafanywa upya mara mbili. Anatarajia kujifungua tarehe 12 Oktoba. Mwezi wa Julai anapokea barua inayomtaka aeleze “kuchelewa mara kwa mara na kupungua kwa moyo wa kazi.”

Mashtaka hayo mawili si ya aina moja, na ni lazima ayatenganishe kabla ya kushika kalamu. Kuchelewa ni jambo la tarehe na saa, linaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Moyo wa kazi hauna tarehe. Anayejaribu kuutetea moyo wake huishia kuandika kurasa tatu za machungu, na kurasa hizo ndizo zitakazosomwa baadaye kama ushahidi kwamba hana adabu kwa wakubwa. Afadhali aiache hasira nyumbani, aende kwenye daftari la mahudhurio.

Daftari linaonyesha kwamba mwezi wa Juni alichelewa mara tatu. Mara mbili alikuwa kliniki ya wajawazito, na fishi yake ina tarehe na muhuri wa siku hizo. Mara ya tatu pikipiki ilizuiliwa kwenye kizuizi cha barabarani, na wenzake wawili walichelewa asubuhi hiyo hiyo bila kuandikiwa lolote. Ripoti zake za mwezi, ambazo hutakiwa tarehe 5, zote zimefika kwa wakati.

Hapo kuna jambo la kitabibu ambalo wakubwa wengi hawalijui. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara nane, badala ya nne za zamani, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kutimia. Kliniki ndiko anakopimwa damu na shinikizo, na ndiko anakopewa dawa za kuzuia malaria. Asubuhi nane katika miezi yote ya mimba si nyingi. Zinaonekana nyingi kwa sababu hutolewa taarifa siku ile ile, kwa mdomo, mlangoni. Zikiandikwa mapema kwenye karatasi moja, na kila tarehe ikiwa na jina la atakayeshika zamu, zinageuka kuwa ratiba ya kawaida.

Jibu lake basi linaweza kuwa fupi namna hii:

“Shefu, nimepokea barua yako ya tarehe 8 Julai. Tarehe 4 na 18 Juni nilikuwa kliniki ya wajawazito. Naambatanisha nakala ya fishi. Tarehe 23 Juni barabara ilizuiliwa, na daftari la mahudhurio linaonyesha waliofika saa hiyo. Ripoti za Aprili, Mei na Juni zilipokelewa kabla ya tarehe 5 ya mwezi uliofuata. Kuhusu moyo wa kazi, naomba nielezwe ni kazi gani haikufanyika na siku gani, ili niweze kujibu au kurekebisha. Naambatanisha pia ratiba ya kliniki hadi Agosti. Nakusalimu kwa heshima.”

Sentensi inayofanya kazi kubwa ni ile inayoomba kazi na siku. Haimtukani mtu, wala haimwiti bosi mbaguzi. Inamrudishia mzigo wa kuthibitisha, na mara nyingi haipati jibu kwa sababu jibu halipo. Barua ipelekwe kwa nakala mbili. Moja irudi nyumbani ikiwa na sahihi ya mpokeaji, tarehe na muhuri. Bila nakala hiyo ni kama hakuandika.

Nyuma ya barua hii tulivu kuna sheria. Kanuni ya Kazi ya Kongo, yaani Sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa Julai 2016, inasema katika kifungu cha 128 kwamba uzazi hauwezi kuwa chanzo cha ubaguzi kazini. Inakataza pia kumdai mwombaji kazi kipimo cha mimba, isipokuwa kwa kazi zilizokatazwa au zenye hatari kwa mama na mtoto. Kifungu cha 62 kinataja mimba, kujifungua na yanayofuata miongoni mwa mambo yasiyoweza kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Sikuviweka vifungu hivi ndani ya barua ya kwanza kwa makusudi. Bosi anayetajiwa sheria siku ya kwanza humwita mwanasheria wake siku ya pili, na mazungumzo yanaishia hapo. Viwekwe akiba.

Kifungu cha 130 ndicho kinachotoa likizo: wiki 14 mfululizo, sita kabla ya kujifungua na zisizozidi nane baada yake. Kwa karani wetu, wiki sita zinaanza tarehe 31 Agosti, na nane zinamfikisha tarehe 7 Desemba. Katika muda huo anastahili theluthi mbili za mshahara, yaani dola 240 kwa mwezi, na hizo zinalipwa hata kama mtoto hakuishi. Mwajiri haruhusiwi kuvunja mkataba katika kipindi hicho.

Hapa ndipo wanawake wengi wanapojipunja wenyewe. Ili asionekane mvivu, mama anafanya kazi hadi wiki ya mwisho, akidhani wiki sita alizoziacha atazila baadaye na mtoto. Lakini kwa jinsi kifungu kilivyoandikwa, baada ya kujifungua ni wiki nane tu. Zile sita hazihamii upande wa pili isipokuwa mwajiri akubali kwa maandishi. Bidii hiyo haiingizwi popote kwenye hesabu, na bosi aliyekwisha kumhukumu habadilishi mawazo kwa sababu ya tumbo kubwa lililokaa mezani Septemba nzima.

Dhana kwamba mama hana moyo wa kazi imepimwa. Mwaka 2007 mwanasosholojia Shelley Correll na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa maombi ya kazi ya kubuni, yenye sifa zinazolingana. Tofauti ilikuwa kama mwombaji ni mzazi au la. Akina mama walionekana kuwa na moyo mdogo wa kazi, na wanawake wasio na watoto waliitwa na waajiri kama mara mbili zaidi yao. Akina baba hawakuadhibiwa hivyo. Iga Barrière hakuna aliyefanya jaribio hilo, lakini mtazameni mwanamume aliyepata mtoto: sheria inampa siku mbili za kazi, wenzake wanampongeza, na akirudi na macho mekundu ya usingizi wanacheka naye.

Akirudi Desemba, karani wetu ana haki nyingine iliyo ndogo lakini yenye ugomvi mwingi. Mama anayenyonyesha ana mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, yanayolipwa kama saa za kazi. Kama nyumbani ni mbali, nusu saa inaishia njiani. Njia ya busara ni kuomba kwa maandishi nusu saa hizo mbili ziunganishwe, atoke saa moja mapema. Mwajiri halazimiki kukubali mpango huo, lakini kwa kawaida unampunguzia usumbufu naye. Jambo la kuepuka ni kutoroka saa tisa kwa makubaliano ya mdomo, kwa sababu makubaliano hayo husahaulika siku ya kwanza ya ugomvi.

Tatizo gumu zaidi ni mkataba wa muda. Sheria inazuia kuuvunja wakati wa likizo, lakini haizuii tarehe yake kufika. Mwajiri mwerevu hafukuzi, anasubiri tu mkataba uishe. Hata hivyo Kanuni ya Kazi inaruhusu mkataba wa muda maalum ufanywe upya mara moja tu na mwajiri yule yule, isipokuwa kwa kazi kama za msimu. Ukipita hapo, unahesabika kuwa wa muda usio na kikomo. Mkataba wa karani wetu umefanywa upya mara mbili; kwa hiyo “mkataba wako umekwisha” kwake ni kufukuzwa, na kufukuzwa kunahitaji barua yenye sababu halali. Aliyeajiriwa kwa mdomo naye anachukuliwa kuwa na mkataba usio na kikomo hadi ithibitishwe vingine. Maafisa wa kudumu wa serikali wana sheria yao tofauti.

Maneno yakishindikana, hatua inayofuata ni kwa inspekta wa kazi, Bunia, na si mahakamani moja kwa moja. Kesi ya mfanyakazi mmoja haipokelewi kabla ya kupita kwenye usuluhishi wa inspekta. Inspekta anaziita pande zote mbili, na mwisho huandika hati ya kupatana au ya kutopatana. Hati ya kutopatana ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Mahakama ikiona hakukuwa na sababu halali, inaweza kuamuru arudishwe kazini, au alipwe fidia isiyozidi miezi 36 ya mshahara wake wa mwisho. Kwa dola 360 kikomo hicho ni dola 12,960. Ni kikomo, si ahadi, na safari ya kufika huko ni ndefu.

Kuna karatasi moja inayoweza kubomoa yote haya: barua ya kuacha kazi kwa hiari. Hutolewa ikiwa imeshachapwa, pamoja na bahasha ndogo na maneno matamu kama “mama, kapumzike na mtoto, tutakuita.” Ukisaini hiyo, si wewe uliyefukuzwa, ni wewe uliyeondoka. Ukilazimishwa kupokea karatasi yoyote ofisini, andika juu ya sahihi yako “nimepokea tu” pamoja na tarehe, kisha ipeleke kwa inspekta kabla ya kuijibu.