Hesabu ya Sinia Kabla ya Soko la Jumatano

Katika mji wa Garissa, binti anapoagwa kwao kwenda kwa mumewe, karamu hupangwa kwa sinia kuliko kwa viti. Wageni huketi mkekani, watu wazima watano kwa sinia moja la wali na nyama, kina mama upande wao na wanaume upande wao. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, jibu tunalolihitaji kwa aliyealikwa si "tutakuja" peke yake. Twataka kujua ni wanawake wangapi, wanaume wangapi na watoto wangapi watakaotoka katika nyumba ile.

Jibu tulilolizoea ni "Inshaallah". Hilo ni jibu la adabu na la imani, wala haifai kumbana mtu kuhusu kesho asiyoimiliki. Hata hivyo, laweza kufuatiwa na swali la upole: "Mola akijaalia, tuwaandalie wangapi?" Mwenye nia ya kuja mara nyingi hutaja idadi papo hapo. Anayesita hukosa la kutaja, nasi tumwandike pamoja na wasiojibu.

Majibu yana mwisho wake. Siku kuu ya soko la mifugo la Garissa ni Jumatano. Karamu ikiwa Jumamosi, majibu yafungwe Jumatatu jioni, na Jumanne iwe ya kuwapigia simu walionyamaza, ili anayekwenda sokoni ajue anakwenda kununua mbuzi wangapi.

Daftari nalo liwe moja. Mara nyingi mama humjibu shangazi wa binti, na baba wa nyumba ile ile akamjibu ami yake. Nyumba moja ikahesabiwa mara mbili. Tena kwetu majina hufanana sana, na wengi hujulikana kwa lakabu, hivyo mtu mmoja huandikwa huku kwa jina lake na kule kwa lakabu yake. Dawa yake ni kuandika kila nyumba kwa nambari moja ya simu. Nambari ikijirudia, au nyumba mbili zikiwa na idadi sawa na mtaa mmoja, tuulize kabla ya kujumlisha.

Tuchukue mfano wa nyumba 60 zilizoalikwa. Kufikia Jumatatu, 36 zimekubali, 10 zimetoa udhuru, na 14 ziko kimya. Baada ya simu za Jumanne, katika zile 14, nyumba 4 zimekubali, 5 zimetoa udhuru, na 5 hazikupatikana. Waliokubali sasa ni nyumba 40, zenye wanawake 100, wanaume 60 na watoto 80.

Wanawake watahitaji sinia 20 na wanaume 12. Watoto wanane hutoshwa na sinia moja, basi wao ni sinia 10. Jumla ni 42. Zile nyumba 5 za kimya tusizihesabu zote, wala tusizifute. Tuzikadirie nusu, yaani sinia 3 hivi. Tumefika 45.

Kila sinia likipewa robo tatu ya kilo ya mchele mkavu, twahitaji kilo 34. Nyama yenye mifupa, robo kilo kwa mtu mzima, ni kilo moja na robo kwa sinia, nayo yafika kilo 56. Mbuzi wa wastani akishachunwa na kutolewa matumbo hubaki na kilo 14 hivi. Basi mbuzi wanne watatosha. Lau tungehesabu kadi tu, watu wawili kwa kila nyumba, tungewapikia watu 120, na waliokuja ni 240.

Hesabu hii yaweza kuwa sahihi kwa jumla na bado ikaaibisha. Chakula kikigawanywa nusu kwa nusu kati ya mahema mawili, kina mama 100 watapungukiwa ilhali upande wa wanaume sinia zarudi jikoni zimejaa. Ndiyo maana wanawake na wanaume huandikwa safu mbalimbali tangu siku ya kwanza, na mikeka pia hutandikwa kwa idadi hiyo hiyo.

Jirani asiye na kadi naye atapita, wala hafukuzwi. Kwa ajili yake tuweke kando kilo tatu za mchele bila kuziroweka. Wageni wakizidi, sufuria ndogo yabandikwa. Wasipozidi, mchele mkavu hubaki ghalani salama, ila wali uliokwisha kupikwa haustahimili joto la Garissa hadi kesho yake.