"Mbona mshahara wangu umepungua?" Jinsi ya kusoma hati yako ya mshahara

Picha imepigwa kwa simu, karatasi imekunjika kona moja, na chini yake kuna swali fupi: "Mbona pesa ni kidogo? Januari nilipata 36,265.90, mwezi huu 30,387.90." Ni hati ya mshahara ya Februari 2025. Tofauti ni shilingi 5,878, na hiyo ni kodi ya nyumba kwa watu wengi. Tuisome pamoja, mstari kwa mstari.

Anza na meseji ya simu

Kabla ya kulaumu mtu yeyote, linganisha namba mbili: "Net Pay" iliyo chini ya hati, na kiasi kilicho kwenye meseji ya pesa kuingia. Hapa zote zinasema 30,387.90. Kwa hivyo hakuna kilichopotea njiani, na jibu liko ndani ya hati yenyewe.

Zikitofautiana, au kama salio lako ni dogo kuliko pesa iliyoingia, angalia taarifa ya akaunti yako ya simu. Mara nyingi utakuta kulikuwa na deni la ovadrafti, na limejilipa lenyewe pesa ilipoingia tu. Hilo mwajiri wako hana habari nalo.

Mshahara ghafi si pesa ya mfukoni

Juu ya hati kuna "Basic Pay" 35,000, "House Allowance" 7,000 na "Overtime" 3,000. Ukijumlisha unapata "Gross Pay" 45,000. Huu ndio mshahara ghafi, yaani kabla ya kukatwa chochote. Bosi akikuambia kazi inalipa elfu arobaini na tano, kwa kawaida anazungumzia hii namba. Ile utakayoishika mkononi ni "Net Pay".

Makato ya sheria

Haya hayategemei bosi anakupenda au la. Kwa 45,000 yalikuwa hivi:

- NSSF, asilimia 6: 2,700
- SHIF, ya bima ya afya, asilimia 2.75: 1,237.50
- AHL, ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 675
- PAYE, kodi ya mapato: 4,499.60

PAYE ndiyo huchanganya watu, kwa sababu haitozwi kwa 45,000 yote. Kwanza unatoa yale makato matatu ya juu, na unabaki na 40,387.50. Kisha hiyo inakatwa vipande: 24,000 ya kwanza hutozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. 8,333 inayofuata hutozwa asilimia 25, yaani 2,083.25. Iliyobaki, 8,054.50, hutozwa asilimia 30, yaani 2,416.35. Jumla ni 6,899.60. Mwisho unatoa nafuu ya kodi ya 2,400 ambayo hati huiita "Personal Relief", na inabaki 4,499.60. Ni sawa kabisa na iliyoandikwa kwenye picha.

Sasa ile 5,878 ilienda wapi?

Sehemu ndogo ni ya NSSF. Viwango vyake vimekuwa vikipanda kwa awamu tangu Februari 2023. Hadi Januari 2025, asilimia 6 ilihesabiwa kwa mshahara usiozidi 36,000, kwa hivyo mtu wa 45,000 alikatwa 2,160. Februari kikomo kikapanda hadi 72,000, na mshahara wake wote ukaingia kwenye hesabu: 2,700. Hiyo ni nyongeza ya 540. Lakini kwa kuwa NSSF hutolewa kabla ya kodi, PAYE yake ilishuka kwa 162. Mwishowe mfukoni mwake zilipungua 378 pekee.

Zinabaki 5,500. Na hapo chini, mahali ambapo wengi hawafiki kusoma, kuna mistari miwili: "Salary Advance" 4,000 na "Other" 1,500. Jumlisha 378, 4,000 na 1,500. Ni 5,878 kamili. Kumbe si serikali iliyompunguzia mshahara. Sehemu kubwa imekatwa pale kazini.

Mambo ambayo picha haiwezi kukuambia

Hapa ndipo lazima tuseme ukweli. Hesabu imekubali, lakini hesabu kukubali si sawa na makato kuwa halali.

La kwanza, "Other" ni ya nini? Inaweza kuwa mchango wa chama cha wafanyakazi, sare, au pesa iliyopungua dukani. Neno hilo halisemi, na mtu yeyote aliye nje ya kampuni atakuwa anakisia tu. Lakini wewe una haki ya kuambiwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe hati inayoonyesha makato na sababu zake, na inataja aina za makato yanayoruhusiwa. Pia inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kwa 45,000 kikomo hicho ni 30,000. Huyu amekatwa 14,612.10, kwa hivyo kikomo hakijavukwa. Hata hivyo, kuwa chini ya kikomo hakuhalalishi mstari usio na sababu.

La pili, 4,000 ya advansi ni awamu ya ngapi? Picha haionyeshi deni lilianza likiwa ngapi wala limebaki ngapi. Kama hukuchukua advansi kabisa, hilo ni swali la leo, si la mwisho wa mwezi ujao.

La tatu, je, ovataimu ya 3,000 ndiyo saa zote ulizofanya? Hati inaonyesha ulicholipwa. Saa zenyewe ziko kwenye rejista ya kazi, na kiwango kiko kwenye mkataba wako.

La nne, na hili ni zito: kukatwa si kupelekwa. Hati inaonyesha pesa imetolewa kwako, haionyeshi kama imefika. Fungua akaunti yako ya NSSF uangalie michango ya mwezi huo. Usitafute 2,700 peke yake, kwa sababu mwajiri naye huongeza kiasi sawa na chako, hivyo inafaa uone 5,400. Kwa kodi, fomu ya P9 ambayo mwajiri hukupa mwaka ukiisha inafaa ilingane na PAYE ya hati zako.

Cha kuandikia ofisi ya mishahara

Usiandike "pesa yangu ni kidogo." Taja mstari na kiasi, namna hii:

"Habari. Kwenye hati yangu ya Februari kuna 'Other' 1,500. Naomba kujua ni ya nini na nani aliidhinisha. Pia naomba salio la advansi baada ya kukatwa 4,000. Asante."

Ujumbe kama huo haujibiki kwa "ni makato tu".

Na kabla hujamtumia mtu yeyote picha ya hati yako, funika namba ya kitambulisho, PIN ya KRA na namba ya akaunti. Mistari ya pesa inatosha kufanya hesabu yote tuliyofanya hapa. Tena, hakuna hesabu ya mshahara inayohitaji PIN ya pesa ya simu yako. Anayekuomba hiyo hasomi hati yako, anataka salio lako.