Nyumba Moja, Thamani Tatu

Tuchukue nyumba ya mfano iliyopo Kimara, Dar es Salaam. Ina vyumba vitatu na sebule, imeezekwa bati la rangi, kiwanja kimepimwa na hati ipo. Mwenye nyumba ni mama mfanyabiashara aliyenunua kiwanja mwaka 2009 na kujenga kidogo kidogo. Sasa anataka mkopo wa kuongeza mtaji wa duka, na benki imemtuma mthamini.

Ripoti inarudi na tarakimu mbili: thamani ya soko shilingi milioni 120, na thamani ya mauzo ya lazima shilingi milioni 90. Afisa mikopo anamweleza kwamba benki yao hutoa asilimia 70 ya hiyo ya pili. "Kwa hiyo, mama, kiwango cha juu tunachoweza kukupa ni milioni 63." Dalali wa mtaani alikuwa amemhakikishia kwamba nyumba ile haiuzwi chini ya milioni 140. Akienda kuulizia gharama za kuhamisha hati siku akiamua kuuza, anakuta hesabu ya serikali inaelekea milioni 100. Si ajabu akiamini kuna mtu anamdanganya.

Huenda hakuna anayemdanganya. Kila tarakimu imejibu swali lake, na maswali yenyewe hayafanani.

Swali la mnunuzi

Thamani ya soko ndiyo tarakimu mama. Ni bei ambayo mnunuzi mwenye hiari angemlipa muuzaji mwenye hiari, wote wawili wakiifahamu nyumba, hakuna anayesukumwa, na nyumba ikiwa imetangazwa kwa muda wa kutosha. Masharti hayo yote yana uzito. Ukiondoa hata moja, bei inabadilika.

Mthamini anaanza na hati. Anahakikisha kuwa namba ya kiwanja na mipaka vinalingana na kilichopo, kisha anapima jengo na kukagua paa, nyufa, maji na njia ya kuingia gari. Baada ya hapo anatafuta nyumba zinazofanana na hiyo zilizouzwa karibuni katika eneo lile. Neno muhimu hapo ni "zilizouzwa". Milioni 140 ya dalali ni bei inayotajwa kabla ya mazungumzo, na nyumba nyingi huanzia bei hiyo zikaishia mbali nayo. Mthamini mzembe anayekusanya bei za madalali bila kuuliza fedha iliyolipwa hatimaye atakuandikia tarakimu ya kukufurahisha ambayo haitapata mnunuzi.

Gharama ya ujenzi nayo si thamani ya soko. Mtu anaweza kutumia milioni 150 kujenga nyumba kwenye mtaa ambao wanunuzi hawavuki milioni 120. Gharama humsaidia mthamini pale ambapo mauzo ya kulinganisha ni haba: anakadiria ingegharimu kiasi gani kulijenga jengo hilo leo, anatoa uchakavu, kisha anaongeza thamani ya kiwanja. Mtaani kwa mama huyu mauzo yalikuwepo, ndiyo maana ikaandikwa milioni 120.

Swali la benki

Benki haina haja ya kuishi katika nyumba hiyo. Inachouliza ni kitu kimoja: mkopaji akishindwa kulipa, tutapata kiasi gani, na kwa muda gani?

Siku hiyo ikifika, masharti ya soko huria yanakuwa hayapo tena. Muuzaji analazimika kuuza. Muda ni mfupi. Mwenye nyumba huenda bado anaishi ndani, na mnunuzi hapati nafasi ya kukagua vizuri. Wengi wanaogopa kununua nyumba ya mnada kwa hofu ya kesi, na wanaojitokeza ni wale wenye fedha taslimu wanaotafuta bei ya chini. Dalali wa mnada naye anachukua chake. Ndiyo sababu mthamini anakata sehemu ya thamani ya soko, katika mfano wetu asilimia 25, na kupata milioni 90. Kisha benki inakata tena, kwa kuwa riba huendelea kupanda wakati deni linadaiwa.

Benki pia huacha vitu ambavyo mnunuzi wa kawaida angevilipia. Kama mama huyu ana vibanda viwili vya biashara mbele ya nyumba, lakini vimesimama kwenye hifadhi ya barabara, mnunuzi anaweza kuongeza kidogo kwa ajili ya kodi inayoingia kila mwezi. Mthamini wa dhamana atavipa sifuri, kwa sababu siku vikipigwa alama nyekundu ya X, dhamana hiyo haipo.

Milioni 90, kwa hiyo, ni makadirio ya siku mbaya. Akitokea mtu anayetaka kununua nyumba hiyo kwa milioni 90 huku akionyesha ripoti ya benki kuwa ushahidi, anachukua jibu la swali moja na kulibandika kwenye swali jingine.

Swali la kodi

Kwenye kodi, kinachotafutwa kinategemea kodi yenyewe. Kodi ya majengo tunayolipa kupitia umeme wa LUKU haimhitaji mthamini kabisa kwa nyumba ya kawaida: tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi, iwe nyumba ni ya milioni 40 au milioni 120.

Kwenye kuuza, mambo ni tofauti. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu unaokaribia asilimia 1 ya thamani, na muuzaji mkazi anatozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata. Tuseme mama ameuza kwa milioni 120. Kiwanja na ujenzi vilimgharimu milioni 60 na vielelezo anavyo, na kuuza kumemgharimu milioni 4. Faida yake ni milioni 56, kwa hiyo kodi ni milioni 5.6. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ilitoa nafuu kwa mtu anayeuza nyumba aliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, lakini nafuu hiyo haigusi faida inayozidi milioni 15. Kwa hiyo tarakimu inayomuuma hapa ni milioni 56, nayo inasimama juu ya risiti za saruji na nondo za miaka mingi iliyopita. Asiye na risiti hawezi kuipiga hesabu hii.

Na ile milioni 100 ilitoka wapi? Serikali inajua kuwa watu hupunguza bei kwenye mkataba. Kwa sababu hiyo uhamisho wa hati huambatana na uthamini unaoidhinishwa upande wa Mthamini Mkuu wa Serikali, na wathamini wake wana viwango elekezi vya ardhi kwa kila eneo. Viwango hivyo vinahudumia eneo zima. Havioni marumaru mpya wala kisima ulichochimba, na soko likikimbia vinabaki nyuma. Kazi yake ni kuweka sakafu ambayo bei ya mkataba haitakiwi kushuka chini yake. Bei halisi ikiwa milioni 120, kodi inatakiwa kulipwa juu ya hiyo milioni 120.

Wapo wanaokubaliana kuandika milioni 70. Mbali na kuwa ni kosa kisheria, anayeumia zaidi ni mnunuzi. Uthamini wa serikali usipowanasa, muuzaji anaokoa milioni 5, kwa kuwa faida iliyoandikwa sasa ni milioni 6 tu. Mnunuzi anaokoa kama laki tano za stempu. Miaka ikipita akauza kwa milioni 150, karatasi zinasema alinunua kwa milioni 70, na faida yake inahesabiwa milioni 80 badala ya 30. Milioni 5 aliyoikwepa muuzaji inalipwa na yeye.

Pale tarakimu zinapogongana

Mahali ambapo watu hupoteza haki yao ni kwenye mnada. Mkopaji anaposhindwa kulipa, benki inatakiwa kumpa notisi ya siku 60. Baada ya hapo inaweza kuuza, lakini haiuzi kwa bei yoyote. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinaibebesha wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana wakati wa kuuza. Kikaweka na kipimo: bei ikiwa pungufu kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei ambazo mali zinazofanana zinauzwa katika soko huria, mahakama inaanza kwa kuichukulia benki kuwa imevunja wajibu huo, na ni juu ya benki kuthibitisha vinginevyo. Kenya ina kipimo kama hicho katika kifungu cha 97 cha Sheria yake ya Ardhi ya 2012, na inamtaka mwenye dhamana afanye uthamini wa mauzo ya lazima kabla ya kuuza.

Angalia sheria ya Tanzania inalinganisha na nini. Hailinganishi na milioni 90 iliyomo kwenye ripoti. Inalinganisha na soko la siku ile ya mauzo. Siku ya mkopo, soko likiwa milioni 120, kipimo kiliangukia milioni 90 kamili, na ni rahisi kudhani kuwa benki ikiuza hapo imeuza salama. Ukweli ni kwamba hata siku ile, kuuza kwa milioni 90 kungekuwa tayari kumegusa mpaka. Sasa tuseme imepita miaka mitatu, lami imefika, na nyumba za aina hiyo zinauzwa milioni 150. Mpaka umesogea hadi milioni 112.5. Nyumba ikigongewa nyundo kwa milioni 95, benki inaweza kuonyesha ripoti yake ya zamani na kusema imezidi thamani ya mauzo ya lazima. Jibu hilo halitoshi.

Lakini mwenye nyumba naye hawezi kushinda kwa kulia tu kwamba imeuzwa rahisi. Anahitaji ushahidi wa bei za nyumba zinazofanana wakati huohuo, yaani uthamini mpya wa thamani ya soko uliofanywa na mthamini aliyesajiliwa. Na auandae mapema, ndani ya zile siku 60, kwa kuwa sheria humlinda pia mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, na nyumba ikishahamia kwake, kilichobaki mara nyingi ni kudai fidia badala ya kuirudisha.

Kwa hiyo siku ya kuchukua mkopo, omba nakala ya ripoti na usome kurasa za mwanzo kabla ya kuruka kwenye tarakimu. Humo mthamini ameandika uthamini ulifanywa kwa madhumuni gani, kwa msingi gani wa thamani, na tarehe gani alikagua. Tarakimu yoyote isiyo na mambo hayo matatu haistahili kusainiwa, iwe inakupendelea au inakuumiza. Iliyo nayo, itumie kwa kazi yake tu. Na kazi ikibadilika, au miaka ikipita, lipia uthamini mwingine.