Pointi 222 za semesta ya mwisho

Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu katika chuo kikuu cha Tanzania, akifika semesta ya sita, huwa amebakiwa na krediti kama 60 kati ya 360. Tuseme ukurasa wa matokeo unamwonyesha GPA ya 3.4. Daraja la pili la juu, lile ambalo vijana huliita apa sekondi, linaanzia 3.5. Kwa macho, pengo ni dogo. Wengi hujipigia hesabu kwamba wakipata 3.6 safari hii yamekwisha, maana 3.4 na 3.6 zikijumlishwa na kugawanywa kwa mbili ni 3.5. Wanachosahau ni kwamba hesabu hiyo inazipa krediti 60 uzito sawa na krediti 300.

Njia ya uhakika ni kuhesabu pointi. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na kila moja huzidishwa kwa krediti za somo lake. Somo la krediti 10 ukilipata B+ limekuletea pointi 40. Ili krediti 360 zitoe wastani wa 3.5, zinatakiwa pointi 1,260. Toa ulizokwisha kukusanya, kinachobaki ukigawe kwa krediti zilizobaki. Mwenye 3.40 kamili ana pointi 1,020, kwa hiyo anadaiwa 240, na 240 kwa krediti 60 ni wastani wa 4.0. Yaani B+ tupu, au kila B ifidiwe na A ya uzito uleule.

Lakini je, ana 3.40 kamili? Madaraja husomwa kwa desimali moja, na kuna vyuo ambavyo hukata tarakimu zinazofuata badala ya kuzikadiria. Mwenye 3.40 na mwenye 3.49 wote wataona 3.4. Wa kwanza anahitaji 4.0, wa pili anahitaji 3.55, yaani B na B+ nusu kwa nusu na ziada kidogo. Ndiyo maana namba ya kwenye skrini haitoshi. Chukua karatasi, andika masomo yote ya semesta tano, zidisha moja moja. Ni kazi ya jioni moja na inaudhi, lakini hakuna njia ya mkato inayoaminika.

Tuseme mwanafunzi wetu amefanya hivyo akapata pointi 1,038. GPA yake halisi ni 3.46. Anadaiwa pointi 222, wastani wa 3.7. Semesta hii ana mradi wa utafiti wa krediti 20 na masomo manne ya krediti 10 kila moja. Kwa mpangilio huo pointi zitaingia kwa makumi, hivyo 222 kwa vitendo ni 230. Akipata A kwenye mradi, ana 100 mkononi, na masomo manne yanatakiwa kuleta 130: B+ moja na B tatu. Akipata B kwenye mradi, ana 60 tu, na masomo yaleyale sasa yanatakiwa kuleta 170: A moja na B+ tatu. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kumsumbua msimamizi kwa rasimu mapema, ni kwenye mradi.

Akiishia 220, jumla itakuwa 1,258, ambayo kwa 360 ni 3.494. Chuo kinachokadiria kitaandika 3.5, kinachokata kitaandika 3.4, na daraja litabaki la pili la chini. Kanuni hiyo imo kwenye prospektasi, sehemu ya mitihani ambayo watu huiruka, na inafaa isomwe kabla ya semesta kuanza.

Kwa haraka, unaweza kuzidisha pengo kwa tano, kwa sababu krediti 300 ni mara tano ya 60, kisha ukaongeza kwenye lengo. Mwenye 3.2 anayetaka 3.5 ana pengo la 0.3, hivyo anahitaji 5.0, A kila somo. Mwenye 3.1 anahitaji 5.5, na namba hiyo haipo. Daraja la kwanza huanzia 4.4, mwenye 4.3 kamili anahitaji 4.9, ambayo ni pointi 294 kati ya 300. B+ moja kwenye somo la krediti 10 inamwacha na 290. Kwa hiyo 4.9 yake, kwa masomo aliyonayo, ni A tupu.

Sapu nayo ina hesabu yake. Vyuo vingi humpa aliyefaulu sapu C, hata kama safari hii amefanya vizuri namna gani. Kama somo lenyewe ni la krediti 10, hizo ni pointi 20. Mwanafunzi wetu mwenye 1,038, hata akiwa na A ya mradi, atatakiwa kutoa 110 kwenye masomo matatu yaliyobaki: B+ mbili na B moja. Bila A ya mradi, akiwa na B, anatakiwa kutoa 150, yaani A zote tatu.