Skrinishoti Moja Haitoshi

Tuchukue mfano wa mhasibu wa Dar es Salaam anayefanyia kazi nyumbani. Saa nne usiku, msimamizi wake anaandika kwenye grupu la WhatsApp la kitengo: "Kesho kwenye kikao fungua kamera mapema, tulimiss hiyo shepu." Wenzake wanajibu kwa emoji za kucheka. Asubuhi ujumbe umefutwa. WhatsApp humpa mwandishi takriban siku mbili za kufuta ujumbe kwa wote, na dakika 15 za kuuhariri.

Dada huyu aliwahi kupiga skrinishoti, lakini aliikata ikabaki ile sentensi tu. Tarehe haionekani, na jina linalosomeka ni "Bosi", kama alivyoliandika mwenyewe kwenye simu yake. Bosi yupi? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inataka ushahidi wa aina hii upimwe kwa namna ulivyotunzwa na namna mwandishi wake alivyotambuliwa. Ndiyo maana skrinishoti ianzie ujumbe mmoja au miwili kabla, ioneshe jina la grupu, tarehe na majibu yaliyofuata. Nyingine ipigwe kwenye wasifu wa mtumaji, namba yake ionekane.

Baada ya hapo, fungua grupu, nenda "Export chat", ujitumie faili kwa baruapepe yako binafsi. Ya ofisini inaweza kufungwa siku utakayosimamishwa. Faili hilo la .txt lina saa ya kila ujumbe, ila nalo huandika majina ulivyoyahifadhi, kwa hiyo picha ya namba bado inahitajika. Kama grupu limewekewa ujumbe wa kutoweka baada ya saa 24, usisubiri wikendi. Na simu yenyewe usiiuze wala kuifuta. Mazungumzo ya asili ndiyo yenye nguvu kuliko nakala zote.

Kwenye kikao cha video mambo ni magumu zaidi, maana maneno hupita. Kikao kikiisha tu, andika: tarehe, saa, waliokuwepo, na maneno yenyewe yalivyotamkwa, hata kama yanakuchefua. "Alinidhalilisha" ni hukumu yako, siyo ushahidi. Jitumie maelezo hayo kwa baruapepe papo hapo ili yapate muhuri wa saa. Ujumbe wa siri ndani ya Zoom upige picha kabla ya kutoka.

Kinachoharibu kesi nyingine ni hasira: kuzisambaza picha hizo kwenye magrupu ya marafiki. Hapo mlalamikaji hugeuka mlalamikiwa. Zipeleke kwa rasilimali watu, kwa maandishi, ubaki na nakala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji wa kijinsia kazini kuwa ubaguzi. Ofisi ikikaa kimya, mlango unaofuata ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kwa mgogoro usiohusu kuachishwa kazi una siku 60 za kufungua shauri.