"2meleta mag 2 2": Jinsi ya kupanua mikato ya arafa za kazini bila kupotosha maana

HEBU tuanze na ujumbe mmoja. Chukulia kwamba wewe ni karani katika stoo ya viazi mjini Elburgon, na kila mwisho wa mwezi mwajiri anataka ripoti ya mizigo na malipo. Taarifa zote zimo katika kikundi cha WhatsApp cha wafanyakazi. Unafungua simu na kukutana na huu: "2meleta mag 2 2 mengne ksho."

Tarakimu ya mbili imetokea mara tatu na kufanya kazi tatu tofauti. Ya kwanza ni kiambishi cha nafsi, "tu-", yaani "tumeleta". Ya pili ni idadi ya magunia. Ya tatu ni "tu" ya kuonyesha kikomo, yaani si zaidi. Ujumbe kamili ni: "Tumeleta magunia mawili tu, mengine kesho." Aliyeandika alijua alichomaanisha. Lakini msomaji anayepitia haraka anaweza kusoma "22", akaandika magunia ishirini na mawili, na hapo hesabu ya stoo ikaharibika.

Mikato hii ilikuwa na sababu yake. Arafa ya kwanza duniani ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, na arafa moja ilibeba herufi 160 pekee. Aliyezidisha alilipia arafa ya pili. Enzi hizo kuandika "cjui" badala ya "sijui" kulikuwa kubana matumizi. WhatsApp haitozi kwa herufi, wala haina kikomo hicho cha 160. Kwa hivyo sababu ya zamani imeondoka na tabia imebaki. Msomaji wa leo akiona "cjui" kazini hafikirii kwamba mwenzake anaokoa pesa. Anafikiria kwamba hakujali. Mkato ule ule ambao kati ya marafiki ni ishara ya ukaribu, mbele ya meneja au mteja husomeka kama uzembe. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni sajili, yaani lugha inayotarajiwa mahali hapo.

Kuna sababu nyingine, nayo inatokana na muundo wa Kiswahili chenyewe. Katika Kiingereza, tarakimu 2 mara nyingi hushika nafasi ya neno zima. Katika Kiswahili hushika nafasi ya silabi, na silabi hiyo yaweza kuwa popote: mwanzoni mwa kitenzi ("2nakuja"), katikati ("ame2ita"), au mwishoni mwa nomino ("k2", "w2"). Isitoshe, tarakimu hizi hazisomwi kwa lugha moja. Katika "2meleta" tunaisoma kwa matamshi ya Kiingereza, "tuu". Katika "j3" tunaisoma kwa Kiswahili, "tatu", tupate Jumatatu. Msomaji anahamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine ndani ya mstari mmoja bila kuonywa.

Vokali nazo zina uzito wake. Vitenzi vyetu hubadilisha maana kwa vokali moja tu au silabi moja. Tazama ujumbe huu: "dereva alpw 5k." Je, ni "dereva alipwe 5,000", yaani agizo kwa karani atoe pesa? Au ni "dereva alilipwa 5,000", yaani taarifa kwamba pesa zilishatoka? Zikitupwa vokali, agizo na taarifa huandikwa namna moja. Karani akikisia vibaya upande mmoja, dereva atalipwa mara mbili. Akikisia vibaya upande wa pili, mtu wa watu aliyebeba viazi kutoka shambani ataenda nyumbani mikono mitupu.

Sasa, utapanuaje ujumbe mia tatu au zaidi bila kuongeza makosa mapya?

Hatua ya kwanza ni kuhifadhi asilia. WhatsApp ina chaguo la "Export chat" ambalo hutoa mazungumzo yote kama faili ya maandishi. Iweke nakala moja kando na usiiguse tena. Ukibishana na mtu kuhusu malipo miezi mitatu baadaye, kilichoandikwa na mwenyewe ndicho ushahidi, si ulichokipanua wewe. Nakala ya pili ndiyo ya kazi. Igawe katika safu nne: tarehe na jina la mwandishi, ujumbe asilia, ujumbe uliopanuliwa, na maswali. Kutenga tarehe si urembo. Ukiiacha pamoja na ujumbe kisha ukaamuru tarakilishi igeuze kila "2" kuwa "tu", tarehe 2/5/2024 itageuka kuwa tu/5/tu0tu4.

Hatua ya pili ni kuorodhesha mikato yote kabla ya kubadilisha hata mmoja. Igawe katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni vifupisho rasmi: k.m., n.k., Bw., kg, KSh. Hivi viache, ni Kiswahili sanifu. Kundi la pili ni mikato ya mazungumzo kama "ntaleta" na "nshafika". Hii si makosa ya tahajia. Ndivyo watu wanavyotamka "nitaleta" na "nimeshafika", na katika ripoti utairejesha katika umbo kamili bila wasiwasi, kwa kuwa kila mmoja una maana moja. Kundi la tatu ni mikato ya arafa yenyewe: "ksho", "lkn", "cjui", "2na". Kazi kubwa ipo hapa.

Kundi hili la tatu nalo ligawe mara mbili: mikato yenye maana moja na yenye maana zaidi ya moja. "Ksho" ni "kesho", "lkn" ni "lakini", "lzm" ni "lazima". Hii tarakilishi inaweza kukubadilishia yote kwa mpigo, katika safu ya tatu pekee. Ila washa chaguo la "Find whole words only" katika programu ya Word, ili mkato ubadilishwe ukiwa umesimama peke yake. Usipofanya hivyo, "ss" uliyokusudia iwe "sasa" itaingia ndani ya jina Hussein na kumzalisha mtu anayeitwa Husasaein. Nimewahi kuona mtu akigeuza kila "c" kuwa "si" na ripoti nzima ikaanza kuzungumzia "sihakula".

Mikato iliyo ndani ya vitenzi haiwezi kushikwa kama neno zima. Hiyo itafute pamoja na kiambishi kinachoifuata, ukianza na nafasi tupu: nafasi kisha "2na" iwe "tuna", "2me" iwe "tume", "2ta" iwe "tuta", "2li" iwe "tuli", "cja" iwe "sija". Nafasi ile ya mwanzo ndiyo inayokulinda. Bila nafasi hiyo, "ta" inayofuata tarakimu ndani ya neno lingine nayo itageuzwa. Ukimaliza hizi, "2" zitakazobaki zitakuwa chache, na hizo zitataka jicho la mtu.

Hatua ya tatu basi ni kushughulikia mikato yenye maana nyingi kwa mkono, mmoja mmoja. "Wa2 hawajafika" ni "watu hawajafika" au "wawili hawajafika"? Soma ujumbe uliotangulia. Ikiwa mtu aliuliza, "Vibarua wote wako?" basi huenda ni wawili. Ikiwa hakuna aliyetaja idadi, muulize aliyeandika. "Cjalipwa za j3" nao una mtego wake. Kwa wengi j3 ni Jumatatu, kwa kuwa jina lenyewe lina "tatu". Lakini aliyezoea kuhesabu wiki ya kazi kuanzia Jumatatu anaweza kumaanisha siku ya tatu, yaani Jumatano. Kanuni ni moja: usikisie pesa, siku, idadi wala jina la mtu. Usipopata jibu, acha mkato ulivyo na uandike swali katika safu ya nne. Pengo linaloonekana ni afadhali kuliko jibu la kubuni lisiloonekana.

Ukishapanua, tazama upatanisho wa kisarufi. "Mag 2" huwa "magunia mawili", si "magunia mbili"; "w2 5" huwa "watu watano", si "watu tano". Kama unaogopa kuteleza, iache tarakimu: "magunia 2" inakubalika katika ripoti ya mizigo na haimchanganyi mtu.

Hatua ya mwisho ni kukagua, na hapa Kiswahili kinatusaidia. Takriban maneno yetu yote huishia kwa vokali, kwa sababu silabi zetu kwa kawaida ni wazi. Hata maneno ya kukopa tuliyoyazoea huishia kwa vokali: lori, benki, stoo. Kwa hivyo pitia safu ya tatu ukitafuta neno lolote linaloishia kwa konsonanti. Litakuwa jina la mtu au mahali, kama Elburgon yenyewe, au kifupisho rasmi, au mkato uliokuponyoka. Kisha linganisha tarakimu. Kila idadi iliyo katika ujumbe asilia lazima ipatikane katika ujumbe uliopanuliwa, kwa tarakimu au kwa maneno. Jumla ya magunia katika safu ya pili ikiwa 140 na katika safu ya tatu ikawa 160, ujue kuna "2 2" mahali fulani iliyosomwa kama ishirini na mbili.

Njia hii ina mipaka yake. Haiwezi kujua nia ya mtu aliyeandika "alpw". Inaweza tu kukuonyesha kwamba hapo pana shaka. Ndiyo maana dawa ya kudumu imo katika kikundi chenyewe. Hakuna haja ya kumkataza dereva kuandika kifupi akiwa njiani Molo na mvua inamnyeshea. Kikundi kinaweza kukubaliana mambo matatu tu: idadi iandikwe kwa tarakimu na "tu" iandikwe kwa herufi, siku iandikwe kwa jina, na kitenzi cha malipo kiandikwe kikamilifu. Aandike "ksho" na "lkn" apendavyo. Lakini "alipwe" na "alilipwa" aandike kwa vokali zake zote, maana hapo ndipo mshahara wa mtu ulipo.