Kuonyesha filamu ghafi kwa watoto: kutoka macho yao hadi montaji

Sisi wa lugha huitwa kwenye filamu ya watoto dakika ya mwisho, ili kusahihisha maandishi. Nadhani mahali petu ni mapema zaidi: siku ambayo picha zimeunganishwa kwa mara ya kwanza, sauti bado ni ya muda, na watoto wachache wanaketishwa mbele ya kioo ili ionekane wanakwama wapi. Hapo bado inawezekana kukata, kusogeza au kusema upya bila gharama kubwa. Swali ni namna ya kupata, kutoka kwa mtoto wa miaka minne asiyeweza kutoa maoni juu ya filamu, agizo ambalo fundi wa montaji anaweza kulitekeleza.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kipindi cha televisheni cha Marekani, Sesame Street. Kabla hakijatangazwa kwa mara ya kwanza, tarehe 10 Novemba 1969, watengenezaji wake waliandaa vipindi vitano vya majaribio, vya saa moja kila kimoja, na mwezi wa Julai wakavionyesha kwa watoto wa Filadelfia. Mtafiti wao, Edward Palmer, alikuwa na mbinu rahisi sana. Kando ya televisheni aliweka kioo kingine kilichoonyesha picha tulivu, mpya kila baada ya sekunde 7.5. Mtoto alikuwa huru kutazama anachotaka. Mchunguzi aliandika jambo moja tu: katika sekunde hizo 7.5, macho yalikuwa kwenye kipindi au kwenye picha za pembeni? Saa moja ilitoa alama 480 kwa kila mtoto, na alama za watoto wengi zikiwekwa pamoja zilionyesha mstari unaopanda na kushuka.

Mstari huo ulishuka mahali pasipotarajiwa. Vibaraka wa Jim Henson walipotokea, macho yalirudi. Mambo yalipohamia mtaani, ambako watu wazima walizungumza wao kwa wao, watoto waligeuka. Sababu ilikuwa ushauri wa wataalamu: walikuwa wamesema dunia ya vibaraka isichanganywe na dunia ya kweli, mtoto asije akachanganyikiwa. Watengenezaji waliamua kufuata alama badala ya ushauri. Hawakuondoa mtaa, kwa sababu mafunzo mengi yalikuwa pale. Waliwaingiza vibaraka mtaani. Ndiyo asili ya yule ndege mkubwa, Big Bird, na Oscar anayeishi katika pipa la takataka. Kushuka kwa macho kulionyesha mahali penye shida, lakini dawa ilitafutwa kwa kuuliza ni nini kilichopungua pale.

Hapo pana mtego. Mwaka 1979 Elizabeth Lorch, Daniel Anderson na Stephen Levin walichapisha jaribio juu ya watoto wa miaka mitano waliotazama Sesame Street. Nusu yao walikuwa katika chumba chenye vitu vya kuchezea, nusu katika chumba kisicho navyo. Wasio na michezo walitazama asilimia 87 ya muda, wenye michezo asilimia 44 tu. Walipoulizwa maswali, uelewa wa makundi yote mawili ulikuwa sawa. Mtoto anayecheza husikiliza kwa sikio moja na kuinua macho pale anapohisi kwamba jambo linalomhusu linaanza. Kwa hiyo macho hufuata uelewa zaidi kuliko uelewa unavyofuata macho, na mtoto hugeuka mara nyingi kwa sababu uzi wa hadithi umemkatikia. Fundi akiona kushuka na kuongeza kelele au rangi, amefunika jeraha bila kulisafisha.

Tuchukue mfano wa kwetu, wa kubuni. Tuseme kuna filamu ya michoro ya dakika nane, kwa watoto wa miaka minne hadi sita wa Lubumbashi. Alama kila sekunde 7.5 zitakuwa 64 kwa mtoto. Tunawaonyesha watoto kumi, mmoja mmoja, kwa maana wakiwa pamoja mmoja akicheka wote hucheka, na huwezi kujua nani amecheka kwa sababu ya filamu. Simu moja inarekodi uso wa mtoto, na sauti ya filamu isikike vizuri katika rekodi, la sivyo baadaye hutajua uso ule ulikuwa wa sekunde ipi.

Mtoto mmoja akigeuka, huenda amesikia rafiki zake nje. Saba kati ya kumi wakigeuka kati ya 3:15 na 3:30, shida ni ya filamu. Lakini usikate hapo hapo. Mtoto hugeuka baada ya kupotea, kwa hiyo rudi nyuma kidogo. Kwenye 3:02 msimulizi anasema: «Sungura akamwambia Mbuzi kwamba amechoka, akakaa chini, akampa maji.» Sisi watu wazima tunaelewa, maana tumesoma maandishi. Lakini nani amechoka? Nani amekaa? Kiswahili kinawapa wanyama wote kiambishi kilekile, a-, na hakina jinsia ya kusaidia kutofautisha. Zaidi ya hayo, mchoro unawaonyesha wote wawili kwa mbali.

Tusimthibitishie mtoto dhana yetu kwa kumwuliza «umeelewa?» Atasema ndiyo, kwa heshima. Ni afadhali filamu isimamishwe, aulizwe: «Sasa nani anakunywa?» Au asimulie kwa mtoto ambaye hajaiona. Tuseme watoto sita wanasema Sungura ndiye anayekunywa. Sasa kuna agizo lenye namba: kwenye 3:02, sema «Mbuzi amechoka. Mbuzi anakaa chini. Sungura anampa maji», na jina la Mbuzi linapotajwa, uso wake uonekane karibu. Ningeanza na sauti. Ni ya muda, na kurekodi sentensi tatu hakugharimu chochote, wakati mchoro mpya unaweza kuchukua siku kadhaa.

Maneno nayo huleta mshangao. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kukamata ni kuchukua kitu, kupokea, kushika. Filamu iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu ikisema «polisi wamemkamata Fisi», mtoto anaweza kucheka mahali pa kuogopa: anawaona polisi wakimbeba Fisi kama kikapu. Kicheko mahali pasipo pake ni alama yenye thamani kama macho yaliyogeuka. Hapa dawa ni kubadilisha kitenzi: «wamemfunga».

Kuna kosa la kinyume, la kumziba mtoto anayejibu. Palmer na wenzake waliliona kwa mwigizaji James Earl Jones, aliyetaja herufi polepole: herufi inaonekana, kimya, kisha jina. Mwanzoni watoto walirudia baada yake. Waliporudia kutazama, wakaanza kuitaja kabla yake. Kimya kile ndicho kilichowapa nafasi. Kwa hiyo, mhusika wetu akiuliza «Kuku yuko wapi?» na rekodi ikionyesha watoto wanaanza kujibu wakati jibu la filamu tayari linasikika, agizo ni kuongeza sekunde mbili za kimya, yaani picha 50 ikiwa filamu ina picha 25 kwa sekunde.

Baada ya marekebisho, onyesha tena, kwa watoto wengine. Wale wa kwanza wanajua tayari nani alipewa maji. Ikiwa kwenye 3:15 macho sasa yanabaki kwenye kioo lakini jibu la swali bado ni «Sungura», basi ni picha iliyopona, na sentensi bado inangoja kuandikwa upya.